Ile raha inayokuja katikati ya mbio: ni endofini au ni bangi ya mwilini?

#1 Mbio_za_Mbezi

Wakuu, habari za asubuhi.

Mimi si mwanariadha, kitambi ndicho kilichonifukuza kitandani. Nakimbia alfajiri kabla ya foleni. Dakika ishirini za mwanzo ni mateso matupu: pumzi fupi, magoti yanalalamika, najiuliza nani kanituma. Halafu, kama siku hiyo ni siku yake, baada ya nusu saa hivi mwili unalegea, miguu inajiendea yenyewe na kila kitu kinapendeza, hadi kondakta anayenipigia kelele nitoke barabarani. Nikirudi nyumbani nacheka na watu ovyo. Mke wangu ameanza kuninusa mdomo.

Kiongozi wa kikundi chetu cha jogingi anasema hiyo ni endofini, mofini ya mwili. Mdogo wangu anasoma famasia, anasema hizo ni habari za zamani, stimu ya mbio inaletwa na kemikali ndugu ya bangi ambayo mwili unajitengenezea. Walibishana mezani hadi chai ikapoa.

Nani mkweli? Na kwa nini siku nyingine haiji kabisa?

#2 Kichwa_Ngumu

Shemeji asiache kunusa. Mtu anayempenda kondakta saa kumi na mbili asubuhi si mzima.

#3 Mwalimu_wa_Uwanjani

Mtoa mada, usizungushwe. Nimefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi na jibu ni moja, endofini. Wamarekani waliigundua mwaka 1975. Ukikimbia, mwili unaumia, ubongo unamwaga endofini ili kufunika maumivu, na kwa kuwa zinafanya kazi palepale inapofanyia kazi mofini, unapata na raha juu yake. Watu wamepimwa damu kabla na baada ya mbio na endofini zinapanda. Sasa hiyo bangi ya mwilini ni mtindo wa vijana wa siku hizi kuhalalisha mambo yao.

#4 Bi_Maabara

Shikamoo Mwalimu. Naomba kusahihisha kidogo, halafu nikupinge zaidi ya kidogo.

Kwanza historia. Mwaka 1975 haikuwa Marekani, ilikuwa Aberdeen, Uskoti. John Hughes na Hans Kosterlitz walipata kwenye ubongo wa nguruwe vitu viwili vidogo vinavyofanya kazi kama mofini, wakaviita enkefalini. Ile endofini yenyewe inayotajwa kwenye habari za mbio ilitolewa mwaka 1976 na Choh Hao Li kule California, na aliitoa kwenye tezi za ngamia. Kwa hiyo Amerika imo, lakini kwa mlango wa ngamia.

Pili, hiyo damu. Ni kweli kabisa kwamba endofini kwenye damu hupanda mtu akikimbia kwa nguvu. Ila nyingi kati ya hizo hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo na kumwagwa kwenye damu, zikielekea mwilini. Endofini ni mnyororo wa asidi amino 31, mkubwa, na ukuta unaotenga damu na ubongo haupitishi vitu vya namna hiyo kirahisi. Raha inatengenezwa ndani ya ubongo. Kwa hiyo ukiniambia damu ya mkononi imejaa endofini, bado hujaniambia lolote kuhusu kinachotokea kichwani. Watu walipima damu kwa sababu ndiyo waliyoweza kuifikia, hakuna mkimbiaji atakayekubali afunguliwe fuvu kwenye mstari wa kumalizia.

#5 Kichwa_Ngumu

Ngamia anakimbia na sijawahi kumwona akitabasamu. Mwalimu kashindwa raundi ya kwanza.

#6 Mwalimu_wa_Uwanjani

Marahaba Bi Maabara. Aberdeen nimeipokea. Lakini wewe umesimama kwenye damu, twende kwenye ubongo wenyewe. Mwaka 2008 Wajerumani waliwachukua wakimbiaji kumi, wakawakimbiza saa mbili, halafu wakawapiga picha za ubongo. Endofini zilionekana zimetoka, tena kwenye sehemu zinazohusika na hisia. Hiyo si damu ya mkononi. Jibu hilo.

#7 Saumu_wa_Tanga

Samahani wakuu, naingilia. Mimi nikikimbia nasikia kizunguzungu, kichefuchefu, na macho yanaona nyota. Hiyo ndiyo stimu mnayoisema? Maana mimi sioni raha yoyote humo.

#8 Bi_Maabara

@Saumu_wa_Tanga mdogo wangu, hapana. Kizunguzungu na nyota si stimu, ni mwili unakuambia simama. Mara nyingi ni kuanza kwa kasi kubwa mno, au kukimbia bila maji na bila kitu tumboni. Punguza hadi uweze kuongea sentensi nzima huku unakimbia. Ikiendelea hata ukienda polepole, au ukipata maumivu ya kifua au ukazirai, acha mbio umwone daktari kwanza.

@Mwalimu, huo utafiti naujua na ni mzuri. Ila tuangalie walichokiona hasa. Hawakuziona endofini zenyewe. Waliwachoma dawa yenye mionzi hafifu inayokaa kwenye vipokezi vya mofini. Baada ya saa mbili za mbio ile dawa ilipata nafasi chache kuliko siku ya kupumzika, wakahitimisha kwamba kuna kitu cha mwilini kimeshakalia nafasi hizo. Na aliyesema ana raha zaidi ndiye ambaye nafasi zake zilikuwa zimejaa zaidi katika baadhi ya maeneo. Hitimisho hilo nalikubali. Ila watu ni kumi, na vitu viwili kupanda pamoja hakuniambii kipi kimemleta mwenzake.

Ukitaka kujua kama kitu fulani ndicho kinacholeta raha, kizuie, halafu uone kama raha inapotea. Na hilo lilifanyika, Ujerumani hukohuko, likachapishwa mwaka 2021. Watu 63. Baadhi walipewa naltreksoni, dawa ileile wanayopewa watu wanaoacha heroini. Inakaa kwenye vipokezi vya mofini bila kuviamsha, ni kama kutia nta kwenye tundu la kufuli, ufunguo wa endofini hauingii tena. Wengine walipewa kidonge bandia, na hakuna aliyejua kapewa kipi, hata aliyekuwa anampima. Kisha wakakimbia dakika 45 kwenye mashine kwa mwendo wa wastani, na siku nyingine wakatembea muda uleule ili kulinganisha.

Baada ya kukimbia walikuwa na raha zaidi na wasiwasi mdogo kuliko baada ya kutembea. Na walionyweshwa naltreksoni walipata raha hiyohiyo kama wenzao. Endofini zimefungiwa mlango na sherehe ikaendelea. Kilichopanda kwenye damu ya wote, wenye dawa na wasio na dawa, ni zile kemikali za jamii ya bangi.

#9 Mbio_za_Mbezi

Aisee. Kwa hiyo mdogo wangu ameshinda? Nisimwambie kwanza, atatusumbua mwezi mzima.

Hizo za jamii ya bangi zinatoka wapi hasa? Sijawahi hata kuigusa.

#10 Mfamasia_Asiyelala

Huhitaji kuigusa mkuu, ulizaliwa nazo.

Kwa kifupi: mwaka 1964 Raphael Mechoulam na mwenzake Gaoni walijua umbo la kile kinacholevya kwenye bangi, THC. Miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba ubongo una vipokezi ambavyo THC inakaa juu yake. Sasa mwili hauwezi kuwa umeweka vipokezi hivyo ukisubiri mtu avute. Lazima kuna kitu cha ndani kinachovitumia. Mwaka 1992 kundi la Mechoulam pale Yerusalemu likakipata, wakakiita anandamaidi. Walikitoa kwenye ubongo wa nguruwe, yaani nguruwe huyo kachangia pande zote mbili za ubishi huu.

Tofauti kubwa na endofini ni kwamba anandamaidi imetengenezwa kwa mafuta. Haihifadhiwi ikisubiri kutumika, seli inaikata kutoka kwenye utando wake yenyewe pale inapohitajika. Na kwa kuwa ni mafuta, ule ukuta wa Bi Maabara hauisumbui sana. Ila haidumu, kuna kimeng'enya kinaitwa FAAH kinachoivunja upesi. Ndiyo maana ukifika nyumbani, ukaoga na kunywa chai, umeshaanza tena kumchukia kondakta.

#11 Kipsang_wa_Bonde

Sasa wakuu. Niongeze hapa kwa swali la pili la mwenye uzi, ya nini siku zingine haikuji, maana hiyo mmeiruka.

Ni kasi. Raichlen na wenzake kule Marekani waliweka watu kwenye mashine nusu saa kwa viwango vinne tofauti: kutembea, kukimbia polepole, kukimbia kiasi, na kukimbia kwa nguvu sana. Anandamaidi ilipanda kwenye zile mbili za katikati. Kutembea haikupanda, na kukimbia hadi ulimi utoke nje haikupanda pia. Hiyo katikati ni karibu asilimia 70 hadi 80 ya mapigo ya juu ya moyo.

Hesabu ya haraka: toa umri wako kwa 220. Mtu wa miaka 35 anabaki na 185. Asilimia 70 ni kama 130, asilimia 80 ni 148. Kwa hivyo akae hapo katikati, dakika thelathini na zaidi. Hiyo 220 ni makisio tu, kuna watu moyo wao unaenda juu zaidi au chini zaidi, lakini ni mahali pa kuanzia.

Mimi nikifanya mazoezi ya kasi uwanjani sijawahi kusikia raha, nasikia tu kutapika. Ile ya polepole ya Jumapili, tukienda tukipiga stori kwenye barabara ya vumbi, hapo ndio huja. Mwenye uzi, wewe siku ambayo haikuji huwa umekimbia aje?

#12 Mbio_za_Mbezi

@Kipsang_wa_Bonde umenishika pabaya. Siku ambazo haiji ni zile nimechelewa kuamka, nakimbia kwa hasira nirudi kabla maji hayajakatika. Saa yangu ya mkononi inaonyesha 165 na kuendelea, na nina miaka 41.

#13 Kipsang_wa_Bonde

220 toa 41 ni 179. Asilimia 80 yake ni 143. Wewe na 165 uko zaidi ya 90. Hiyo si mbio ya raha, hiyo ni ya kukimbia simba.

#14 Mzee_Mshipi

Nawasoma tu vijana. Naona mnabishana kana kwamba mtu hukimbia peke yake jangwani. Mimi nimekulia pwani, nimevuta jarife, ule wavu mkubwa wa samaki, na wenzangu tukiimba. Ukivuta peke yako hata kamba fupi mkono unauma. Mkivuta kwa pamoja, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, unamaliza kutwa na bado una nguvu za kutania. Hiyo nayo ni mapigo ya moyo asilimia ngapi?

#15 Bi_Maabara

Shikamoo Mzee Mshipi. Hilo lako limepimwa, ingawa si kwa jarife. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford waliwachukua wapiga makasia wa chuo, wanaume kumi na wawili, wakawaweka kwenye mashine za kupigia makasia. Siku moja kila mtu peke yake, siku nyingine kwa pamoja mdundo mmoja. Kazi ileile, dakika 45. Baadaye wakawafunga mkononi ile mikanda ya kupimia presha na kuijaza upepo hadi mtu aseme basi, inauma. Waliopiga pamoja walivumilia zaidi.

Wao wenyewe waliandika kwamba ni endofini. Lakini hapa nitakuwa mkali kwa pande zote: hawakupima endofini. Walipima maumivu. Na maumivu hupunguzwa na endofini, hupunguzwa na anandamaidi, na hupunguzwa hata na mtu kuamini tu kwamba yatapungua.

#16 Mwalimu_wa_Uwanjani

Asante Mzee Mshipi, wewe na mimi tumeona maisha.

Bi Maabara, sasa nakurudishia mkuki wako. Mimi uliniambia damu ya mkononi si ushahidi. Sasa hao watu 63, anandamaidi yao ilipimwa wapi? Si kwenye damu ya mkononi hiyohiyo? Mbona yako inapita na yangu inakwama mlangoni?

#17 Kichwa_Ngumu

Mwalimu kasawazisha! Moja moja. Naleta karanga.

#18 Bi_Maabara

Pigo zuri hilo Mwalimu. Nusu ya jibu ni ile ya Mfamasia, anandamaidi ni mafuta na inavuka ukuta, kwa hiyo ya damu na ya ubongo zina uhusiano wa karibu kuliko endofini. Nusu ya pili sina ujanja, ni kweli. Kwa binadamu ushahidi wa upande wangu ni wa aina mbili tu: endofini zikizibwa raha haiondoki, na anandamaidi hupanda inapokuja raha. Jaribio lililobaki ni kuviziba vipokezi vya bangi kwenye mkimbiaji na kuona kama raha inakufa. Kwa panya limefanyika, hukohuko Ujerumani, mwaka 2015. Panya waliokimbia kwenye gurudumu walikuwa na wasiwasi mdogo na hawakusikia haraka joto la sahani ya moto. Wakazibiwa vipokezi vya bangi, faida zote mbili zikapotea. Wakazibiwa vya endofini, faida zikabaki.

#19 Mbishi_wa_Kinondoni

Panya, panya, panya. Panya alikuambia lini kwamba ana raha? Walipima woga na sahani ya moto, hawakupima raha. Nyie mnaruka kutoka panya asiyeogopa hadi Mbio_za_Mbezi anayempenda kondakta. Hiyo ni chai.

#20 Bi_Maabara

@Mbishi_wa_Kinondoni hapo huna tatizo na mimi. Raha ya panya haipimiki. Ila hata kwa wanyama si kila mmoja: Raichlen yule wa Kipsang alikimbiza watu, mbwa, na wale wanyama wadogo wa jamii ya kicheche wanaofugwa Ulaya. Watu na mbwa anandamaidi ilipanda, kicheche haikupanda. Yeye anadhani ni kwa sababu watu na mbwa asili yao ni kufukuza mawindo mbali, kicheche huvizia karibu. Ni dhana inayovutia, lakini ni wanyama wachache mno kujenga juu yake historia nzima ya binadamu.

#21 Saumu_wa_Tanga

Nimepunguza mwendo kama nilivyoambiwa, nyota zimeondoka. Raha bado. Nasubiri. Ahsante.

Lakini kwa nini wasiwazibe watu kama walivyowaziba panya tujue moja?

#22 Mfamasia_Asiyelala

@Saumu umeuliza swali kubwa kuliko wote humu, wacha nilijibu kwa nafasi, maana hapa ndipo habari inapoacha kuchekesha.

Dawa ya kuziba vipokezi hivyo kwa binadamu ilikuwepo. Iliitwa rimonabanti. Walioitengeneza hawakuwa na habari na mbio, walikuwa wanatafuta dawa ya unene. Wazo lao lilikuwa rahisi: mvuta bangi hupata njaa, basi ukiviziba vipokezi vya bangi njaa itapungua. Na kweli ilipungua. Watu walipungua uzito. Ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2006. Marekani haikuruhusiwa.

Kisha taarifa zikaanza kuja. Baadhi ya watumiaji walikuwa wanapoteza furaha. Si kizunguzungu wala tumbo tu, bali huzuni nzito, wasiwasi, na wengine mawazo ya kujiua. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni.

Sasa fikirieni maana yake. Watu hawa hawakuwa wanavuta chochote. Walizibiwa kitu ambacho hawakujua kwamba wanacho, na baadhi yao ladha ya maisha ikapungua. Kwangu mimi hiyo inazungumza zaidi kuliko mbio zote. Inaonyesha kwamba mfumo huu haukai ukisubiri ukimbie kilomita kumi, unafanya kazi kila siku, kwenye chakula, kwenye usingizi, kwenye utulivu wa kawaida tu wa mtu aliyekaa barazani. Mbio zinaupandisha kidogo juu ya hapo.

Na ndiyo sababu jaribio la mwisho halifanyiki kirahisi. Kamati gani ya maadili itakuruhusu uwape wakimbiaji wazima dawa iliyoondolewa kwa kuwatia watu huzuni, ili tu umalize ubishi wa uzi huu?

#23 Mbishi_wa_Kinondoni

Hii ya rimonabanti sikuwahi kuisikia. Nimeisoma mara mbili.

Lakini kinyume chake je? Kwa nini wasizuie hicho kimeng'enya kinachovunja anandamaidi, watu wawe na stimu kutwa nzima bila mbio?

#24 Mfamasia_Asiyelala

Wamejaribu. Dawa kadhaa za kuzuia FAAH zilitengenezwa, hasa kwa ajili ya maumivu, na kwa wagonjwa matokeo yalikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Moja, iliyojaribiwa Rennes, Ufaransa, mwaka 2016, ilimuua mtu mmoja wa kujitolea na kuwajeruhi wengine ubongo. Wachunguzi wengi wanaona kwamba dawa ile ilikuwa inagusa vitu vingine zaidi ya FAAH, kwa hiyo si lazima kosa liwe la anandamaidi.

Yupo pia mama mmoja wa Uskoti, habari zake zilitangazwa mwaka 2019, aliyezaliwa na hitilafu kwenye jeni zinazohusika na FAAH. Anandamaidi yake iko juu tangu utoto. Hana wasiwasi, hasikii maumivu karibu kabisa, alifanyiwa upasuaji wa mkono akashangaza madaktari. Inaonekana ni neema, lakini pia ameungua mara nyingi bila kujua, anagundua kwa harufu.

#25 Kijana_Trekisuti

Wakuu swali la haraka, naomba msinicheke. Nakimbia mashindano. Kama mwili wangu unatengeneza bangi, nikipimwa mkojo sitakamatwa? Yule dada Mmarekani, Richardson, alikosa Olimpiki ya Tokyo kwa bangi.

#26 Kichwa_Ngumu

Nilikimbia sana, mheshimiwa hakimu, ndiyo utetezi wangu.

#27 Bi_Maabara

@Kijana_Trekisuti hapana. Anandamaidi na THC hukaa kwenye kipokezi kimoja lakini ni vitu tofauti kabisa kwa umbo. Maabara inatafuta mabaki ya THC baada ya ini kuishughulikia, na mwili wako hauwezi kuyatengeneza hata ukimbie hadi Dodoma. Kiwango cha mkojo ni nanogramu 150 kwa mililita na kinahusu siku za mashindano. Richardson mwenyewe alisema alitumia.

Kuna jambo moja dogo la kweli karibu na swali lako. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Mwaka 2013 watafiti wa Sydney waliwaendeshesha baiskeli ya mazoezi wavutaji kumi na wanne kwa dakika 35, na THC kwenye damu yao ikapanda kidogo, kwa kuwa mafuta yalikuwa yanayeyushwa. Lakini hao walikuwa wavutaji wa mara kwa mara. Asiyevuta hana cha kuyeyusha.

#28 Kijana_Trekisuti

Ahsante dada. Nimepumua.

(Naulizia rafiki: wa wikendi je?)

#29 Mzee_Mshipi

Rafiki yako aache.

#30 Mwalimu_wa_Uwanjani

Mmefika mbali, lakini mimi sihami. Nimekaa na mtoto wangu jana usiku tukatafuta. Ufini, mji wa Turku, mwaka 2018. Wanaume 22, picha za ubongo tena. Walipofanya mazoezi makali ya vipindi vifupi, endofini zilitoka ubongoni, ikaonekana. Haya Bi Maabara, kumi na ishirini na mbili ni thelathini na mbili sasa.

#31 Bi_Maabara

Mwalimu, nakupongeza kwa kuchimba. Lakini uliusoma hadi mwisho? Hao walioachia endofini baada ya mazoezi makali, hisia zao zilikuwaje? Zilikuwa mbaya zaidi. Endofini nyingi ziliendana na hisia za kuchoka na kukereka. Na saa moja ya mazoezi ya wastani, ambayo ndiyo mbio za raha, haikuleta mabadiliko ya jumla.

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo pa kupatanishia. Endofini huja pale mwili unapoumizwa kweli, kilomita za mwisho, mlima, kasi. Kazi yake ni kukufanya uvumilie. Ile raha tulivu ya Mbio_za_Mbezi ni ya anandamaidi.

#32 Mwalimu_wa_Uwanjani

Umeacha kitu. Utafiti huohuo, kwa wale wa mazoezi ya wastani, waliosikia raha zaidi ndio walioachia endofini zaidi. Mmoja mmoja walitofautiana. Kwa hiyo hata kwenye mbio za raha kuna watu ambao endofini zimo. Labda Mbio_za_Mbezi ni mmoja wao, na watu 63 wa naltreksoni walichanganywa pamoja ndiyo maana hawakuonekana.

#33 Bi_Maabara

Hiyo inawezekana. Siipendi, lakini inawezekana. Wastani wa watu 63 unaweza kuficha wachache.

#34 Kipsang_wa_Bonde

Na dopamini je? Hakuna mtu ametaja dopamini na sisi tuko chapisho la 34. Vipokezi hivyo vya bangi si viko pia kwenye njia za dopamini? Labda hizi zote mbili ni wapambe na bwana harusi ni mwingine.

#35 Kichwa_Ngumu

Kipsang umeanza. Tulikuwa tunakaribia kulala.

#36 Mfamasia_Asiyelala

Kipsang yuko sahihi kwamba mifumo hiyo imeshikana. Panya walioondolewa vipokezi vya bangi hukimbia kidogo kwenye gurudumu kuliko wenzao, kana kwamba hamu yenyewe imepungua. Sasa hiyo ni raha ya kukimbia au ni hamu ya kwenda kukimbia? Hivyo ni vitu viwili, na dopamini inahusika zaidi na hicho cha pili. Mwenye uzi hajatuambia kama huwa na hamu ya kutoka kitandani.

#37 Mbio_za_Mbezi

Hamu sina hata chembe. Kila siku najilazimisha. Raha ikija inanikuta njiani.

Taarifa fupi: leo nimekimbia kwa 140, nikikazana kutopita hapo. Wazee wanaotembea na fimbo wamenipita. Ilikuja nikiwa nakaribia daraja, taratibu, ikakaa hadi nimefika getini. Mdogo wangu nimemwambia, na kama nilivyotabiri hakuna amani nyumbani. Kiongozi wa jogingi naye nimemtumia ya Turku, amesema anajua, ila ajabu ni kwamba alikuwa hajaisoma.

Mke wangu anauliza kama kuna dawa ya kumzibia yeye vipokezi vya kusikia hadithi zangu za mbio.

#38 Saumu_wa_Tanga

Mimi bado sijaipata. Mzee Mshipi, jarife linavutwa siku gani?